Jaketi moja, njia tatu: kuagiza China, uwinga wa Kariakoo au dazeni yako mwenyewe

Kuanzia mwishoni mwa Mei, baridi ya Mbeya ikianza kung'ata, stetasi za WhatsApp hujaa majaketi. Jaketi jeusi lenye kofia ya manyoya utalikuta kwa watu kumi, picha ileile, ukuta uleule mweupe nyuma yake, bei zimepishana elfu mbili tatu. Wengi wa hao kumi hawana jaketi hata moja ndani. Wanauza kwa picha. Mteja akishalipa ndipo nao wanamlipa mwenye mzigo, na mwenye mzigo anautuma moja kwa moja kwa mteja. Kinachobaki katikati ni chao. Hiyo ndiyo dropshipingi.

Aliyeko Mbeya, Iringa au Njombe na anataka kuanza, ana njia tatu za kuchagua. Ya kwanza ni kuuza kwa picha za saplaya wa China na kuagiza jaketi moja moja kila oda inapoingia. Ya pili ni uwinga, yaani kuuza kwa picha za duka la jumla la Kariakoo, mzigo unapanda basi kuja huku. Ya tatu ni kununua dazeni, kuileta nyumbani na kuuza kilichopo. Nitazilinganisha kwa bidhaa hii moja tu, jaketi zito la baridi, kwa sababu jaketi lina msimu, lina saizi, na linajaza nafasi kwenye mzigo. Chaja ya simu haina tabu hizo, ndiyo maana mifano mingi ya mitandaoni hupenda kuitumia chaja.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa jaketi, kuagiza China moja moja hakulipi. Uwinga wa Kariakoo unafaa kwa kupimia soko. Na ukishaona kwamba unaweza kuuza matano na zaidi kwa msimu, acha kuuza picha, nunua mzigo.

Pesa ya nani inayozunguka

Raha ya dropshipingi iko sehemu moja: unafanya biashara kwa pesa ya mteja. Mteja anakulipa 65,000, unachukua 42,000 ya hiyohiyo unamlipa saplaya, na hujatoa mfukoni hata senti ya kununulia mzigo. Hukodi fremu, hulipi stoo, na jaketi lisilouzika linabaki kuwa tatizo la mwenye duka. Kwa mtu ambaye mtaji wake wote ni simu na bando, hilo ni jambo kubwa.

Lakini raha hiyo inasimama kwa sharti kwamba mteja analipa kwanza. Wateja wa huku wengi hawalipi kwanza. Wameshasikia ya watu walioliwa hela mitandaoni, na jibu lao ni fupi: "Nalipa nikiuona." Sasa angalia kinachotokea ukikubali. Saplaya hatumi mzigo bila kulipwa, kwa hiyo unamlipa kwa pesa yako. Mzigo ukifika Mbeya mteja anaweza kusema ameghairi, na jaketi linabaki kwako. Umeshika hasara zote za mwenye mzigo, na bado umenunua kwa bei ya kipande kimoja, bei ambayo mwenye mzigo halipi. Wauzaji wengi wa picha mjini wako kwenye hali hii bila kuitambua. Wanasema hawana mtaji, kumbe wameshautoa kidogo kidogo.

Njia ya kati ipo, na Kariakoo imezoeleka: mteja anatanguliza nauli ya mzigo, iliyobaki analipa akipokea. Elfu saba iliyotangulizwa haifidii jaketi zima, ila inachuja wale wanaoagiza kwa kujaribu tu.

Kariakoo yenyewe haikusubiri neno la kigeni. Mawinga wamekuwa wakifanya kazi hiyo miaka yote: hana duka, anakukamata mtaani, anakuuliza unatafuta nini, anakupeleka dukani na kupiga cha juu chake. Winga wa simuni ni huyohuyo, tofauti ni kwamba anayekamatwa yuko Uyole au Mafinga na hajawahi kukanyaga mtaa wa Kongo.

Upande wa China kuna hatua zaidi. AliExpress inauza kipande kimoja na inaweza kutuma hadi nje ya nchi. Bei nzuri kuliko hiyo ziko 1688, ila huo ni mtandao wa soko la ndani la Wachina: maelezo ni ya Kichina, malipo ni ya huko, na wauzaji wake wamezoea kutuma kwenye anwani za hukohuko. Kwa hiyo Mtanzania hupitia kwa wakala wa kago mwenye ghala Guangzhou. Saplaya anatuma jaketi kwenye ghala hilo, juu ya kifurushi panaandikwa alama yako ya mzigo, wakala anakusanya vifurushi vya wateja wake wote, vinapandishwa ndege, vinatolewa uwanjani Dar, halafu unatafuta mtu wa kukupandishia basi. Kifurushi kikifika ghalani bila alama yako, hakina mwenyewe, na kukitafuta kati ya maelfu ni shughuli. Mpaka hapo unaona kwamba hata ile ahadi ya "saplaya anamtumia mteja moja kwa moja" imeshavunjika. Kuna mikono mitatu minne katikati, na kila mkono unataka hela na siku zake.

Hesabu ya jaketi moja

Bei hizi ni za mfano. Weka zako, mpangilio ni uleule. Jaketi ni lilelile na linauzwa Mbeya kwa 65,000 katika njia zote tatu.

| | China, moja moja | Kariakoo, kwa uwinga | Dazeni yako |
|---|---|---|---|
| Kununua jaketi | 22,000 | 42,000 | 36,000 |
| Usafiri hadi Mbeya | 34,000 | 7,000 | 1,750 |
| Boda hadi kwa mteja | 2,000 | 2,000 | 2,000 |
| Makato ya kutuma na kutoa pesa | 1,500 | 1,500 | 500 |
| Tangazo | 5,000 | 5,000 | 5,000 |
| Jumla | 64,500 | 57,500 | 45,250 |
| Kinachobaki | 500 | 7,500 | 19,750 |

Safu ya China inashangaza wengi, maana bei ya kununulia ndiyo ya chini kuliko zote. Kinachoiua ni usafiri, na ndani ya usafiri ni ujazo. Kago ya ndege hutozwa kwa kilo, lakini mizigo inayojaza nafasi hutozwa kwa uzito wa ujazo: unachukua urefu, upana na kimo kwa sentimita, unazidisha, unagawa kwa 6000.

```
40 x 30 x 12 ÷ 6000 = 2.4
```

Jaketi la gramu 800 likifungwa kawaida, kifurushi cha sentimita 40 kwa 30 kwa 12, linahesabiwa kilo 2.4. Kama wakala anatoza 28,000 kwa kilo pamoja na ushuru, hiyo ni 67,200, zaidi ya bei ya kuliuza jaketi lenyewe. Ndani ya ile 34,000 ya jedwali, ndege nimeiwekea 28,000 tu, kwa kudhani saplaya amelinyonya hewa likabaki na kimo cha sentimita 5, yaani kilo moja kamili. Wapo mawakala wanaotoza uzito wa mizani tu, hivyo swali la kwanza kwa wakala ni hilo, kabla ya kuuliza bei ya kilo. Na ukisema "linyonye hewa", liandike kwenye oda. Usipoliandika litakuja limevimba kama andazi.

Ushuru nao usiusahau. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kundi la juu la ushuru wa forodha ni 35% tangu Julai 2022, na nguo zimo, halafu VAT ya 18% inakuja juu yake. Mawakala wengi hukupa bei moja ya kilo ambayo ndani yake ushuru umeshahesabiwa. Wasipokwambia, uliza, kwa sababu bei ya kilo inayoonekana rahisi kuliko za wengine mara nyingi ni ile isiyo na ushuru.

Mtu atasema, basi uza ya China kwa 75,000. Sawa, itabaki 10,500, lakini kwa jaketi ambalo mteja hawezi kulikuta sokoni Mwanjelwa. Lile lenye kofia ya manyoya lipo Mwanjelwa, lipo Kabwe, na pale SIDO lipo la mtumba kwa bei ambayo wewe na saplaya wako hamtaifikia. Mtumba ndio unaoweka dari ya bei za nguo za baridi huku Nyanda za Juu. Mteja anayeona jipya limezidi sana la mtumba safi anageuza shingo.

Kwa nini kinachobaki ni kidogo

Rudi kwenye safu ya uwinga. Kati ya jaketi la uwinga na la dazeni kuna tofauti ya 12,250. Elfu sita ni bei: mwenye duka anampa wa dazeni punguzo ambalo hana sababu ya kumpa anayechukua kimoja. Elfu tano na ushee ni usafiri: kifurushi kimoja kinapelekwa ofisi ya basi kwa boda peke yake, kinakatiwa risiti peke yake, wakati bunda la kumi na mbili linalipa mara moja. Elfu moja ni makato ya simu, kwa sababu pesa inapita kwako mara nyingi. Yaani kukosa stoo hakukuondolei gharama za stoo. Unazilipa kwenye kila kipande.

Tangazo ni jambo jingine, na ndilo linalobadilika vibaya. Nimeweka 5,000 kwa kila jaketi lililouzwa, maana yake ukilipia tangazo la Instagram la 50,000 upate wateja kumi walionunua kweli, si walioandika "bei?" wakapotea. Sasa kumbuka watu kumi wana picha ileile. Wote wanalipia tangazo kwa watu walewale wa Mbeya. Mteja anayeliona jaketi mara nne kwa siku anafanya jambo rahisi: anawauliza wote wanne na kuchukua la bei ya chini. Mmoja anashuka hadi 62,000, mwingine 60,000, na hapo cha juu cha 7,500 kimebaki 2,500. Hakuna aliyefanya kosa. Kitu ambacho kila mtu anaweza kukiuza kesho asubuhi bila mtaji kitashuka bei mpaka kisiwe na kitu ndani.

Halafu kuna anayekataa mzigo. Tuseme umeuza kumi kwa uwinga na mmoja amesema halimtoshi. Umerudisha hela yake, jaketi limebaki kwako, umelisukuma kwa jirani kwa 45,000. Umetumia 57,500 juu yake pamoja na boda ya pili ya 2,000. Hasara ni 14,500, na 7,500 uliyokuwa umeihesabu nayo imekwenda. Kukataliwa kwa jaketi moja kumekula faida ya karibu matatu. Wakikataa wawili katika kumi, faida ya oda zote kumi ni 31,000. Gawa kwa siku ulizokaa unajibu ujumbe.

Saizi ndiyo sababu ya kukataliwa inayojirudia kuliko zote, hasa kwa nguo za China. L ya kwao kwa kawaida ni ndogo kuliko L aliyoizoea mteja wako, na mtu mwenye kifua kipana anaweza kuhitaji XXL au zaidi. Herufi usiziamini. Mwombe saplaya alitandaze jaketi mezani, apime kwapa hadi kwapa na bega hadi pindo, akupe sentimita. Kisha mwambie mteja naye alitandaze jaketi lake la zamani linalomkaa vizuri na apime vilevile. Wanaofanya hivi ni wachache, na inashangaza, kwa sababu dakika tano za utepe zinaokoa 22,000.

Siku zinapopotea

Bei ndogo mtu anaweza kuivumilia. Kuchelewa ndiko kunakovunja biashara, na kwa jaketi kuchelewa kuna makali zaidi, maana baridi kali ya huku ni Juni na Julai, na ikifika mwisho wa Agosti jua limesharudi. Jaketi lililochelewa mwezi mmoja limekosa msimu.

Tuseme mama mmoja wa Uyole ana kijana aliyepangiwa kidato cha tano Makete. Makete baridi yake haina mjadala. Anakuagiza jaketi tarehe 12 Juni, kijana anaripoti shule mwanzoni mwa Julai. Umeona tangazo la wakala: "Ndege siku 10 hadi 14." Unahesabu vidole, unamwambia mama, "Tarehe 26 utakuwa nalo."

Hesabu halisi haiendi hivyo. Saplaya anachukua siku tatu kulitoa, kwa sababu naye mara nyingi anauza kwa picha na analifuata kiwandani. Siku nne njiani hadi Guangzhou. Siku tatu ghalani likisubiri mzigo mwingine utimie. Zile siku 14 za wakala zinaanza kuhesabiwa hapa, ndege inapoondoka, na wala si siku uliyolipa. Dar hadi mkononi mwa mteja, siku mbili. Jumla 26, na tarehe ni 8 Julai. Hakuna aliyekosea mahali popote, kila mtu ametimiza alichoahidi, na kijana ameshaondoka.

Ujumbe unaoingia simuni una mpangilio wake. Wiki ya kwanza, "Shikamoo dada, nakumbushia mzigo wangu" kutoka kwa kijana mwenyewe. Wiki ya tatu mama anapiga: "Mwanangu, mzigo umefikia wapi?" Wiki ya nne, "Naomba unirudishie hela yangu." Wakati huo hela iko China. Unayorudisha ni yako, au ya mteja aliyelipa jana, na ukianza kumlipa wa nyuma kwa hela ya mbele, umeingia shimoni. Mteja hajui saplaya wala wakala. Alikulipa wewe, muuzaji ni wewe.

Ubaya wa pili wa kuchelewa ni kwamba hakuji kwa mteja mmoja mmoja. Saizi mbaya inakupiga mtu mmoja kati ya kumi. Mzigo ukikwama, wote kumi wamo kwenye kago ileile, na wote wanadai ndani ya wiki moja. Oda kumi za 65,000 ni 650,000 inayodaiwa kwa mkupuo, dhidi ya faida uliyotarajia ya elfu tano kutoka zote kumi.

Kuna dalili za mapema. Saplaya akikupa namba ya kufuatilia mzigo, ifungue baada ya siku mbili. Ikionyesha namba imetengenezwa lakini hakuna hatua nyingine, na siku ya nne au ya tano bado vilevile, jaketi halijatoka dukani. Huenda hata halipo. Hapo ndipo pa kughairi, kabla halijafika ghalani kwa wakala, kwa sababu likishaingia kwenye kago huwezi tena kulirudisha bila kulipia. Upande wa wakala, usiulize "mzigo unafika lini". Uliza ndege iliyopita iliondoka tarehe ngapi na mizigo yake wateja walichukua tarehe ngapi. Mwenye majibu ya swali hilo anayatoa palepale.

Kariakoo nako kunachelewa, ila kwa siku, si kwa wiki. Kutoka Dar hadi Mbeya ni kilomita mia nane na kitu kwa barabara ya TANZAM. Mzigo uliofika ofisi ya basi jioni, kesho yake jioni unaweza kuwa stendi ya Nane Nane. Iringa ni karibu zaidi, mchana umeshafika. Kinachokwamisha mara nyingi ni kwamba jaketi halikuwepo. Picha ilipigwa Aprili, imepita kwenye makundi ya mawinga mara mia, na wewe umepokea hela leo. Unapiga dukani: "Nyeusi imeisha jana, ipo ya maruni." Ndiyo maana kabla ya kupokea hela omba video fupi ya jaketi lenyewe, saizi yake ionekane kwenye lebo, na mtu aitaje siku ya leo. Duka linaloona hilo ni usumbufu litakusumbua na mengine.

Kikwazo cha pili ni Makambako. Mzigo wa Njombe au Makete uliopandishwa basi la Mbeya lazima ushushwe hapo ubadilishe gari, na hapo ndipo vifurushi hulala. Kama mteja yuko Njombe, tafuta basi la moja kwa moja la Njombe au Songea hata kama linaondoka kesho yake. Risiti ya mzigo ipigwe picha, namba ya gari na simu ya ofisi ya upande wa kupokea zisomeke, na umtumie mteja jioni hiyohiyo. Namba ya simu ya mpokeaji iandikwe juu ya kifurushi kwa kalamu ya maki, maana karatasi iliyobandikwa kwa gundi hubaki buti la basi.

Uchague ipi

Mwanafunzi wa chuo asiye na kitu mfukoni achukue uwinga, lakini wa duka moja au mawili anayoyafahamu, na bidhaa chache. Faida ya 5,000 au 7,000 kwa kipande haimpeleki mbali, ila inampa kitu ambacho hana: orodha ya watu waliolipa kweli, saizi zao na rangi walizotaka. Asubiri hadi nauli ya mzigo itangulizwe. Na hela ya mteja ambaye hajapokea mzigo aiache kwenye laini nyingine asiyoitumia kila siku.

Mwenye 450,000 na ushee anayejua mtaa wake anunue dazeni. Hofu ya watu ni majaketi kubaki, kwa hiyo tuihesabu. Tuseme yaliyobaki unayatupa Agosti kwa 30,000, wakati kila moja limekugharimu 37,750 kufika nyumbani. Unapoteza 7,750 kwa kila lililobaki. Ukiuza manne tu kwa bei kamili, unabaki na 17,000, na uwinga ungekupa 30,000 kwa manne hayo. Ukiuza matano, dazeni inakupa 44,500 na uwinga 37,500. Ukiuza manane, ni 127,000 dhidi ya 60,000. Kuanzia jaketi la tano mzigo wako unaupita uwinga, na pengo linapanuka kwa kila moja linalofuata. Kuna na jambo lisiloingia kwenye jedwali: mwenye mzigo akiulizwa "lipo?" anajibu "lipo, nakuletea saa kumi", na mteja anayesikia baridi leo hanunui la wiki ijayo.

China ya moja moja niiachie vitu vidogo, vyepesi, visivyo na saizi na ambavyo Kariakoo havipo: kipuri cha cherehani ya aina fulani, lenzi ya kamera ya simu, kifaa cha fundi saa. Mteja wa vitu hivyo ameshatafuta akakosa, anakubali kusubiri mwezi, na anakubali kulipa kwanza. Hapo dropshipingi inafanya kazi kama ilivyokusudiwa.

Kwa aliyeuza dazeni mbili tatu msimu huu na anataka ya China msimu ujao, meli ndiyo njia yake, kwa sababu meli hutoza kwa ujazo na bei yake kwa jaketi ni sehemu ndogo ya ndege. Ila ahesabu kurudi nyuma kutoka mwisho wa Mei. Meli, bandari na kutoa mzigo vipewe siku 60, kiwanda na ghala siku 20, na hapo ameshafika Machi. Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari, viwanda hufunga kwa wiki kadhaa, na vikifungua vinaanza na oda zilizolala. Oda yake inatakiwa iwe imelipwa na kuthibitishwa kabla ya sikukuu hiyo, yaani Januari, wakati Mbeya mvua inanyesha na hakuna mtu hata mmoja anayeulizia jaketi.